Video Ikivuma, Mlango wa Pili Uko Wapi?

Hii ni hotuba niliyotoa kwenye mkutano wa waandaaji wa video, wale wa chaneli ndogo ndogo kama yangu. Waliokosa kufika wameomba niiandike yote, nami nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Mliokaa nyuma mnanisikia? Haya.

Naomba nianze na swali. Ni wangapi hapa mmewahi kuamka mkakuta video yenu moja ya YouTube imevuma? Inueni mikono. Naona sita, saba. Ninyi saba msishushe kwanza. Ni wangapi kati yenu ambao, mwezi mmoja baadaye, mlikuwa na watazamaji wengi kuliko zamani kwenye video zenu nyingine, siyo ile iliyovuma? Umebaki mkono mmoja. Na huo wenyewe naona unasitasita.

Basi leo nazungumzia hiyo mikono sita iliyoshuka. Sitazungumzia jinsi ya kuifanya video ivume, kwa sababu hilo silijui, na anayekwambia analijua muulize mbona zake hazivumi kila wiki. Nazungumzia kitu kimoja tu: wageni wameshafika mlangoni, wengi, kwa mara moja, hawakujui jina. Unawapitisha wapi?

Wengi wenu mnajua kwamba mimi ni fundi cherehani, na chaneli yangu ni ya matatizo ya cherehani. Nilikuwa na video moja inayoeleza kwa nini nyuzi zinajikusanya chini ya kitambaa, zile zinazofanya kama kiota cha ndege. Watu wengi wakiona kiota kile chini wanailaumu bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, wanaifungua, wanaisafisha, wanainunulia mwenzake. Kumbe kosa mara nyingi liko juu. Uzi wa juu umepitishwa wakati kile kimguu kinachokandamiza kitambaa kimeshushwa. Kikiwa kimeshushwa, visahani vinavyoukaza uzi vimebana, uzi unapita juu yake badala ya kuingia katikati. Hakuna kinachoukaza, basi unamwagika chini. Dawa yake ni kuinua kimguu, kuutoa uzi wote, kuupitisha upya. Nusu dakika.

Video hiyo ilikaa miezi minane imetulia kama maji ya mtungini. Halafu asubuhi moja nikafungua YouTube Studio nikaona ule mchoro wa watazamaji wa saa 48 umesimama wima kama mnazi. Nilifanya nini? Nilifurahi! Nilikaa siku mbili nikijibu maoni, "asante sana", "asante dada", "karibu kaka", "asante sana". Nilipiga picha ya kioo cha simu nikawatumia ndugu. Siku ya tatu ndipo nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza saa ile ile: hawa watu wakimaliza video, wanakwenda wapi?

Nikaifungua kama mgeni, nikaitazama hadi mwisho. Jamani, niliona aibu. Video ilikuwa ya dakika 6 na sekunde 10. Sekunde 20 za mwanzo nilikuwa nasalimu na kuwaomba watu wasabskraibu kabla sijawasaidia chochote. Na sekunde 50 za mwisho nilikuwa naaga. Naaga kama mtu anayesafiri kwenda ng'ambo! "Basi wapendwa, tumefika mwisho wa somo letu, nashukuru, msisahau…" Halafu kioo cheusi. Hakuna video ya pili. Hakuna kitufe. Hakuna chochote.

Sasa angalieni jambo la kwanza, nalo ni kuusoma ule mchoro unaoonyesha watazamaji wanabaki mpaka wapi. Ukiingia Studio, kwenye takwimu za video yenyewe, kuna mahali pameandikwa `Key moments for audience retention`. Ule mstari unashuka polepole, hiyo ni kawaida, kila video inashuka. Unachotafuta ni pale unapoanguka ghafla. Wangu ulianguka mara mbili. Mara ya kwanza palepale mwanzoni, nilipokuwa naomba kusabskraibiwa. Mara ya pili kwenye dakika 5 na sekunde 20, neno "basi". Neno lenyewe tu! Kati ya kila watu 100 walioanza kutazama, karibu 40 walikuwa bado wako nami mpaka hapo. Kufika sekunde 20 za mwisho walibaki 8.

Sasa niambieni. Ningeweka mlango wa video ya pili kwenye zile sekunde 20 za mwisho, ungeonwa na nani? Na watu 8. Wale 32 wengine walikuwa wameshaondoka wakati mimi bado nasema nashukuru.

Mnaona? Watu wengi wanasikia ushauri wa "weka `End screen`", wanaweka, hakuna anayebonyeza, wanasema hiki kitu hakifanyi kazi. Kinafanya kazi. Tatizo mmeweka mlango kwenye chumba ambacho watu hawafiki.

Kwa wasioijua, `End screen` ni yale masanduku yanayotokea juu ya video inapokaribia kwisha. YouTube inakuruhusu kuyaweka kwenye sekunde 5 hadi 20 za mwisho, na video yenyewe lazima iwe na urefu wa angalau sekunde 25. Unaweza kuweka vitu hadi vinne: video, orodha ya video, kitufe cha kusabskraibu na kadhalika. Uzuri wake ni kwamba unaiweka hata kwenye video ya zamani, wakati wowote, bila kuipakia upya. Huwezi kuiweka kwenye video iliyotiwa alama kuwa ni ya watoto, hilo mlijue. Na kama mna video za zamani sana ambazo mliziwekea yale maandishi ya kubonyeza juu ya picha, yalifutwa yote Januari 2019, kwa hiyo kama mlikuwa mnategemea yale, video hizo zimebaki bila mlango miaka yote hii. Nendeni mkaziangalie.

Mimi nilifanya hivi. Kabla ya kuaga, kuanzia dakika 5 na sekunde 5 hadi 5 na 20, nilikuwa nimeshona mstari mrefu, nikageuza kitambaa, nikaonyesha upande wa chini uko safi. Hakuna maneno mengi, ni mkono na kitambaa na sauti ya cherehani. Pale ndipo mtazamaji anaporidhika. Nikaingia kwenye kihariri cha Studio, nikakata zile sekunde 20 za mwanzo, nikakata zile 50 za kuaga. Video ikabaki dakika 5 kamili. Halafu nikaweka `End screen` kuanzia dakika 4 na sekunde 45 hadi mwisho, sekunde 15, juu ya kile kitambaa kinachogeuzwa. Mtu anaona mshono safi, na pembeni yake anaona video ya pili, wakati bado yuko kitini.

Ukikata humo humo ndani ya Studio, anwani ya video haibadiliki, idadi ya waliotazama haibadiliki, maoni yanabaki. Lakini fuata mpangilio: kata kwanza, weka masanduku baadaye, kwa sababu ukikata mwanzo, saa zote zinasogea. Mimi nilisahau kwenye maelezo nilikuwa nimeandika dakika za kila sehemu, na kwa siku moja nzima watu walikuwa wanabonyeza "kupitisha uzi" wanatua sehemu nyingine kabisa. Wakanisema. Walikuwa na haki.

Na kuna jambo hapa ambalo ningelijua ningelala kwa amani zaidi, kwa sababu niliponea chupuchupu. Nilipokata, video ilikuwa imetazamwa mara 62,000. Rafiki yangu, ambaye anafundisha kutengeneza baiskeli, video yake ilivuma kuliko yangu, akasubiri. Alisema, "Nisiiguse, isije ikaharibika." Alipoamua kukata mwisho wake, Studio ikakataa. Kwa nini? Kwa sababu video ikipita mara 100,000 huenda usiruhusiwe tena kuhifadhi mabadiliko, isipokuwa kuziba nyuso za watu. Walio kwenye mpango wa washirika, wale wanaolipwa, hawabanwi na sharti hilo. Yeye hakuwamo. Basi akabaki na dakika nzima ya kuaga iliyokwama milele.

Akafanyaje? Hapa nimpe sifa, maana hakukaa kulalamika. Alitumia vitu visivyogusa picha ya video. Kwanza, ile kadi ndogo inayochomoza juu kwenye kona. Unaruhusiwa hadi tano kwa video moja. Yeye aliweka moja tu, na aliiweka sekunde chache kabla ya pale mstari unapoanguka, wakati gurudumu limeshaanza kuzunguka vizuri na yeye hajaanza kuaga. Pili, aliandika maoni yake mwenyewe akayabandika juu kabisa. Yaliyobandikwa yanakuwa moja tu, kwa hiyo usiyapoteze kwa kusema "asanteni kwa watazamaji laki moja". Nani asiyejua kuwa wako laki moja? Yeye aliandika: "Kama umeshafanya haya na mnyororo bado unaruka, tazama hii," na kiungo. Tatu, aliweka kiungo hicho hicho kwenye mstari wa kwanza wa maelezo, juu, kabla mtu hajalazimika kufungua yaliyofichwa.

Na kile kiungo hakikuwa cha video peke yake. Alikiandika hivi:

```
https://www.youtube.com/watch?v=VIDEO_ID&list=PLAYLIST_ID
```

Ile sehemu ya mwisho, `list`, ndiyo inayomfungulia mtu video ndani ya orodha. Akimaliza hiyo, inayofuata ni yako tena, siyo ya mtu mwingine. Kitu kidogo, lakini angalieni ni wangapi wetu tunabandika anwani tupu.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ndilo gumu kuliko yote. Vifaa ni rahisi. Masanduku utayaweka kwa dakika kumi. Swali ni hili: ni video gani unayoiweka humo?

Mimi kosa langu la kwanza lilikuwa kuweka ile niliyoipakia karibuni. Studio inakupa machaguo: video mpya kabisa, ile ambayo YouTube yenyewe inaona inamfaa mtazamaji huyo, au uchague moja kwa mkono wako. Nikachagua mpya. Mpya yangu wakati huo ilikuwa ya kushona mfuko wa ndani wenye zipu. Video nzuri, niliipenda. Lakini mtu ambaye saa hizi cherehani yake inamtapikia uzi, mfuko wa zipu wa nini? Hana hata mshono mmoja! Ni kama mtu amekuja kwako na jino linamuuma, ukamwonyesha viatu vipya ulivyonunua.

Nikaikumbuka methali ya wazee: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nampa mgeni jembe akiwa bado hajavua viatu.

Basi nikafanya kitu ambacho nawasihi mkifanye. Nilisoma maoni. Safari hii sikuwa najibu asante, nilikuwa nahesabu. Nilichukua karatasi nikapiga mistari. Maoni ya kushukuru, sikuyahesabu. Niliyahesabu yale tu yenye neno "lakini". "Nimefanya ulivyosema, kiota kimeisha, lakini sasa mishono inaruka." "Asante, lakini yangu uzi unakatika." "Imekubali, lakini inaruka ruka." Neno "lakini" ndilo linalokuonyesha video ya pili. Katika maoni yaliyokuwa na "lakini", zaidi ya nusu yalikuwa yanasema mishono inaruka.

Na mimi nilikuwa nayo hiyo video! Ilikuwa ya zamani, imelala chini kabisa, watazamaji mia tatu na kitu. Inaeleza kwamba mishono ikiruka, kabla hujafungua mashine, angalia sindano: imepinda, imechakaa, haikusukumwa juu hadi mwisho, au imewekwa upande usio wake. Kwenye cherehani nyingi za nyumbani ule upande wa sindano uliobapa unatazama nyuma. Watu wengi, wakishahangaika na kiota cha nyuzi, sindano imeshapinda bila wao kujua, kwa sababu kitambaa kilikwama wakakivuta. Unaona? Tatizo la pili linazaliwa na la kwanza. Ndiyo maana video ya pili ilikuwa palepale ikinisubiri, na mimi nasukuma mfuko wa zipu.

Nikabadilisha. Nikaweka hiyo ya sindano peke yake, sanduku moja kubwa, na kitufe cha kusabskraibu pembeni. Viwili tu. Unaruhusiwa vinne, sawa, lakini mtu mwenye sekunde 15 ukimpa milango minne anasimama kwenye korido. Na kichwa cha video ile ya sindano nikakirekebisha kidogo, kutoka "Somo la 4: Sindano" kuwa "Cherehani inaruka mishono? Angalia sindano kwanza". Hiyo ya pili niliigusa kwa sababu ilikuwa imelala. Ile iliyovuma, kichwa chake na picha yake ya jalada, sikuvigusa wala sikuthubutu. Watu wanaiona, wanaibonyeza, inakwenda. Ukibadilisha picha katikati ya mvumo halafu ikapungua, hutajua kamwe ni picha au ni siku tu.

Kuna dada amenyoosha mkono hapa mbele. Sema dada. … Anauliza: kama sina video ya pili inayofuatia? Swali zuri sana. Kama huna, itengeneze wiki hiyo hiyo. Isiwe kubwa. Simu, mwanga wa dirishani, jibu la lile "lakini" moja. Ya mkononi leo ni bora kuliko ya kamera kubwa mwezi ujao, kwa sababu mwezi ujao wageni wameshaondoka. Wakati unaitengeneza, elekeza masanduku kwenye video yako iliyo karibu zaidi, na ikiwa tayari ubadilishe. Hakuna gharama ya kubadilisha. Na usipakie tano kwa siku kwa tamaa. YouTube haitumi taarifa za video mpya zaidi ya tatu kwa chaneli moja ndani ya saa 24, na hata hizo, aliyesabskraibu tu bila kuchagua apate zote anatumiwa baadhi.

Hapo ndipo niseme neno kuhusu kusabskraibu, maana najua wengine mmekuja kwa ajili ya hilo na mnaona nalizunguka. Nalizunguka kwa makusudi. Mtu aliyekuona kwa dakika tano hana sababu ya kukusabskraibia. Umemsaidia, amemaliza, kwaheri. Mtu aliyetazama ya pili, ameona kwamba na lile tatizo la pili unalo jibu, huyo sasa anajiuliza: na la tatu je? Huyo ndiye wa kumwomba. Kwa hiyo ombi langu la kwa mdomo nililiondoa kabisa kwenye ile video iliyovuma, nikaliweka kwenye zile ninazozitengeneza sasa, na ninalisema baada ya kazi kukamilika. Na sisemi "sabskraibu mnisapoti". Mtazamaji atajibu: nakusapoti kwa nini, nakujua? Nasema: "Kila wiki naeleza tatizo moja la cherehani kwa dakika tano. Wiki ijayo, uzi wa juu unaokatika. Kama una cherehani nyumbani, sabskraibu." Mtu asiye na cherehani nimemwambia aende zake. Na ni sawa aende.

Na ukurasa wa chaneli yako? Wale wanaobonyeza jina lako wanatua pale. Studio inakuruhusu kuweka video moja ya kuwapokea wasiokusabskraibia na nyingine ya wenyeji. Pale kwa wageni mimi niliweka ile ya sindano, na orodha ya "Matatizo ya cherehani" ikawa ya kwanza chini yake. Mifuko ya zipu ikashuka chini. Iliniuma kidogo, lakini ikashuka.

Sasa kisa cha mwisho, na hiki ni cha wale ambao kinachovuma siyo kile wanachokifanya. Kuna mwenzetu anayefundisha kuchora kwa wino. Siku moja anarekodi, paka wake akapanda mezani, akaukanyaga wino, akatembea juu ya karatasi ya kazi ya siku mbili. Akaipakia kama video fupi ya `Shorts`. Nyayo za paka, uso wa bibiye, basi! Ikavuma kweli kweli. Wakamsabskraibia watu wengi. Akapakia somo la kuchora kivuli: kimya. Wale waliokuja kwa ajili ya paka walipita tu. Akaanza kumrekodi paka. Paka akawa hapandi tena, mnawajua paka. Video za paka hazikwenda, na wanafunzi wake wa zamani wakaanza kuuliza masomo yameishia wapi.

Aliponieleza nikamuuliza: ile karatasi iko wapi? Akasema ipo, hakuitupa. Nikamwambia basi daraja unalo. Akakaa akarekodi dakika nane: jinsi ya kuokoa mchoro uliochafuka wino, kwa kutumia karatasi ile ile, nyayo zile zile. Akazigeuza nyayo kuwa mawe ya mtoni. Halafu akaiunganisha na ile fupi. Hapa angalieni: kwenye `Shorts`, tangu mwisho wa Agosti 2023, kiungo ukiandika kwenye maoni au maelezo hakibonyezeki. Ni maandishi tu. Njia iliyopo ni kile kipengele cha `Related video` unachokijaza Studio unapohariri ile fupi, kinatokea juu ya jina la chaneli na kinabonyezeka. Huenda ukaombwa kuthibitisha utambulisho kwanza, fanya mapema. Basi, wengi wa watu wa paka hawakuja. Waliokuja ni wachache, ila ni wale waliotazama nyayo zile wakajiuliza, "Na ule mchoro ukawaje?" Hao walibaki. Wengine aliwaacha waende, na hakumrekodi tena paka, isipokuwa akijileta mwenyewe.

Mtajuaje kama mlango unapitwa? Msiangalie video iliyovuma. Ile itawalevya. Fungueni takwimu za video ya pili, nendeni kwenye vyanzo vya watazamaji, mtafute mstari ulioandikwa `End screens`. Kwangu, kabla ya kubadilisha, ulikuwa haupo kabisa. Wiki moja baada ya kuweka ile ya sindano ulikuwa chanzo cha pili. Halafu tazameni `Suggested videos`, mfungue ndani: je, video yenu iliyovuma imetajwa humo? Ikitajwa, maana yake YouTube yenyewe imeshaanza kuziweka pamoja bila sanduku lenu. Hapo mkae mkinywa maji.

Na mvumo wenyewe uliisha. Wangu uliisha siku ya kumi na tisa, mnazi ukaanguka. Video iliyovuma ikarudi kwenye mwendo wa kawaida, juu kidogo ya zamani. Ile ya sindano haikuanguka nayo. Mpaka leo, ninavyozungumza, inatazamwa kila siku kuliko mama yake. Mama yake ndiye aliyeileta, ila sasa inatembea yenyewe.

Haya. Nimesema sana. Toeni simu. Kila mtu afungue video yake iliyotazamwa kuliko zote, hata kama ni watu mia mbili. Ivuteni hadi sekunde 20 za mwisho, muitazame kama wageni. Mnaaga? Mnaaga kwa muda gani? Halafu shukeni kwenye maoni, mtafute neno "lakini". Dakika tano. Dada uliyeuliza swali, uanze wewe, tutaiweka yako ukutani.